Kivuli cha Shilingi Mia

Mbinya si mtu wa kubembeleza. Akikuambia jambo mara ya pili, ujue ya tatu hatakuambia. Atalifanya mwenyewe na wewe utabaki kutazama. Mimi, Kanyiva, ni jirani yake. Mpaka wetu ni ua wa mkonge, na nimegombana naye mara nyingi kuliko nilivyogombana na mume wangu. Kwa hivyo nikimsifu, niamini.

Sisi ni watu wa upande wa chini, mteremko ulio nje kidogo ya Kathonzweni. Walio juu wako karibu na barabara, na kisima kirefu kilichochimbwa mwaka jana kiko kwao. Sisi huteremka mtoni, tukachimba mchanga, tukangoja maji yajitokeze, kisha tukapanda mlima tukiwa tumeinama. Mume wa Mbinya hupika katika hoteli moja huko Mtito Andei na hurudi mwisho wa mwezi. Maji ya nyumba ni kazi ya Mbinya, na mgongo wake umeshachoka nayo. Daktari alimwambia aache kubeba vitu vizito. Alirudi akiwa na hasira. "Aniambie jerikeni itajibeba aje," alisema.

Kaunti ilipotangaza kwamba kuna pesa za bomba na kioski kimoja cha maji, na kwamba jamii yenyewe ikutane na kuamua kioski kikae wapi, Mbinya alitaka kitu kimoja tu: kisimame chini, kwenye njia panda. Nyumba zetu ni thelathini na mbili. Za juu ni ishirini na nane. Kwa hesabu hiyo hakukuwa na haja ya kuogopa.

Haja ilikuja na bajeti ya Mzee Nyamai.

Mzee Nyamai ni mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa juu. Si mtu mbaya. Ila hupenda mkutano ufanane na harusi. Alisema mkutano wa maana lazima uwe na ukumbi, kwa hiyo tukodi ukumbi wa kanisa kwa elfu nne. Wageni na wenye nyumba wakubwa wakae humo, na nje ziwekwe tenti mbili za watu wengine, elfu tatu na mia tano kila moja. Viti mia mbili, shilingi kumi na tano kila kiti, ni elfu tatu. Lori la kuleta vitu na kuvirudisha, elfu moja. Jumla elfu kumi na tano. Ukigawa kwa nyumba sitini, kila nyumba itoe mia mbili na hamsini.

Ungeona nyuso za watu wa chini. Mwaka wenyewe ulikuwa wa mvua mbaya, mbaazi zilikauka zikiwa na maua. Na kwetu kuna desturi ambayo hakuna aliyeiandika lakini kila mtu anaijua: asiyetoa haongei. Utakuja, utakaa, utapiga makofi. Wakati wa kuamua, utanyamaza.

"Mzee, hiyo ni kubwa," Mbinya alisema.

"Mama Mueni, mkono mtupu haulambwi," Mzee Nyamai alimjibu Mbinya kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe. "Wenye hawana, wenye wako nayo watawaongezea. Tutagawa na wale watatoa."

Mbinya aliinuka akaaga, na mimi nikajua mambo yameanza. Njiani alinieleza alichokiona. Wakitoka thelathini kwa kushindwa na mia mbili na hamsini, waliobaki watagawana elfu kumi na tano ile ile, na kila mmoja ataambiwa mia tano. Hapo watatoka wengine. Mwishowe watalipa watu wachache wenye duka na ng'ombe, wote wa juu, na wao ndio watakaoongea. "Hiyo si mchango," alisema. "Hiyo ni mlango, na wanaufunga kidogo kidogo."

Asubuhi alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, akaomba uwanja. Akapewa bure, mradi tusiwaachie watoto takataka. Kutoka hapo akashuka sokoni kwa Nyawira.

Nyawira ni mama aliyetoka Murang'a miaka mingi iliyopita, na mahema na viti vya Kathonzweni ni vyake. Ukimcheka anacheka. Ukimwomba akukopeshe, hacheki tena.

"Pesa kwanza, tenti baadaye," alituambia. "Mkishakula na kwenda nyumbani, mimi nitamfuata nani? Na kiti ikivunjika, unalipa."

Mbinya aliuliza tenti moja inaketisha wangapi. Mia. Nyumba ni sitini, mtu mmoja kila nyumba, pamoja na afisa wa maji kutoka kaunti na wazee. Tenti moja ilitosha na nafasi ikabaki, ukumbi wa nini? Tenti elfu tatu na mia tano, viti mia moja elfu moja na mia tano, lori elfu moja. Elfu sita. Gawa kwa sitini: shilingi mia kwa kila nyumba.

Alipoisema bei hiyo mbele ya kamati, hata watu wa juu walichangamka. Nani hapendi kubakiwa na mia na hamsini mfukoni? Mzee Nyamai alikubali, ingawa alisikitikia ukumbi wake.

Basi Mbinya akaanza kuzunguka. Nilimfuata siku mbili nikachoka. Alikuwa akipiga hodi, anasalimu, anauliza habari ya mbuzi, halafu anasema mia. Wengine walituma kwa simu akiwa bado amesimama mlangoni. Wengine waliahidi, na ahadi zetu tunazijua. Mwaitu Kalekye, mjane mzee kuliko wote upande wa chini, ambaye sote tunamwita Mwaitu, yaani mama, alimletea kuku.

"Mwaitu, kuku huyu ni wa mia nane," Mbinya alimwambia. "Siwezi kumchukua kwa deni la mia."

"Basi sina," alisema Mwaitu Kalekye, na akamrudisha kuku wake kwapani. Niliona haya kwa niaba ya sisi sote.

Siku ya mwisho zilikuwa zimelipa nyumba arobaini na nane. Elfu nne na mia nane. Zile kumi na mbili zilizobaki zote zilikuwa za chini. Mzee Nyamai alipiga simu akitaka jambo rahisi: tugawe upya. Elfu sita kwa arobaini na nane ni mia na ishirini na tano, kila mtu aongeze ishirini na tano tu.

"Mzee, hapana," Mbinya alisema. "Nimewaambia watu mia. Nikirudi kuomba ingine, kuna wenye wataniomba ile ya kwanza niwarudishie. Bei haipandi. Vitu ndio vitapungua."

Alirudi kwa Nyawira. Tenti haiwezi kukatwa nusu, na lori halipunguzi safari. Kitu kinachopungua ni viti. Akaondoa viti themanini, vikaondoka na elfu moja na mia mbili yake. Vikabaki ishirini, vya afisa na wazee. Jumla ikawa elfu nne na mia nane kamili. Nyawira alizihesabu pesa, akamtazama, akasema, "Wewe ungeuza tenti, mimi ningefunga duka." Ujumbe ukatumwa kwa simu: kila mtu aje na kigoda chake.

Siku ya mkutano jua lilikuwa kali kama kawaida yake. Watu walikuja na vigoda, na wasio na vigoda walikuja na jerikeni tupu za manjano, wakazikalia. Nilicheka, kisha nikaona si jambo la kuchekesha. Tulikuwa tumekalia shida yenyewe iliyotuleta.

Wale wa nyumba kumi na mbili walikuja pia. Hakuna aliyewafukuza. Walipanga jerikeni zao nje ya tenti, juani, na Mwaitu Kalekye akajifunika kanga kichwani. Desturi ilikuwa imewaweka pale bila mtu kufungua mdomo.

Baada ya maombi, Mzee Nyamai alisimama mbele ya afisa wa maji. "Tuanze kuamua," alisema. "Na kwa utaratibu wetu, wenye wametoa ndio watahesabiwa."

Nilihesabu vidoleni. Ishirini na nane za juu. Ishirini za chini. Kioski kilikuwa kimekwenda zake barabarani, na bei ya mia aliyoipigania Mbinya ilikuwa imetuokolea ishirini, basi.

Mbinya aliinuka. Hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, mimi ndio nilikusanya hiyo pesa, kwa hivyo najua ilienda wapi. Elfu tatu na mia tano ilikodi hii tenti. Mia tatu ilikodi hivyo viti mmekalia. Elfu moja ilienda kwa lori. Imeisha. Hakuna pesa hapo ilikodi mdomo wa mtu." Akanyoosha mkono nje. "Hawa hawajatumia tenti. Hawajakalia kiti. Wamekaa kwa jua, kwa jerikeni zao. Wanadaiwa nini?"

Mzee Nyamai akasema, kwa sauti ya mtu anayetafuta njia, "Lakini Mama Mueni, desturi..."

"Sawa," alisema Mbinya. "Kama kivuli ndio inafanya mtu anyamazishe mwenzake, mimi sitaki hii ya kwangu."

Akachukua kigoda chake, akatoka. Akakiweka kando ya Mwaitu Kalekye, akakaa, na jua likampiga usoni. Nilikasirika, nawaambia ukweli, maana nilijua lazima nimfuate, na mimi jua linaniumiza kichwa. Nikabeba jerikeni yangu. Nyuma yangu nikasikia vigoda vikiburutwa. Walitoka wa chini wote. Kisha, na hapa ndipo nilipotaka kulia, wakaanza kutoka wa juu, mmoja mmoja, wengine wakicheka kwa aibu. Hatimaye afisa wa maji naye alibeba kiti chake cha plastiki akaja akakaa juani, akasema kulingana na hati yake kila nyumba ni kura moja, na yeye hakuja kukagua risiti.

Tenti ya elfu tatu na mia tano ilibaki na Mzee Nyamai na viti vitupu. Halafu akavua kofia, akatoka, akamsogezea Mwaitu Kalekye kiti chake mwenyewe. "Mwaitu, kaa hapa," alisema. Nilisema tangu mwanzo, si mtu mbaya.

Tulihesabiwa kwa kusimama. Nyumba mbili hazikuleta mtu. Njia panda ilipata thelathini na moja, barabarani ishirini na saba.

Nilimgeukia Mbinya nimkumbatie, nikamkuta hayupo. Alikuwa tayari chini ya tenti na Nyawira, mkono kiunoni pale panapomuuma, wakikagua viti, kwa sababu kikipungua kimoja kitalipwa na watu wale wale, na yeye alikuwa ameshawaambia mia.

"Ishirini," alisema Nyawira.

"Ishirini," alisema Mbinya. Ndipo akajikalisha kwenye kimoja, kiti chake cha kwanza siku hiyo, na hakuna aliyethubutu kumwambia lori linangoja.