Kageha na Mikia ya Maneno

Sylvia Kageha hajui kunong'ona. Ukikaa kwenye benchi nje ya chumba chake pale mtaa wa Pioneer, utamsikia akicheka na watoto kama anauza samaki sokoni. Kazi yake ni kuwasaidia watoto ambao maneno yamewagomea. Alizaliwa Moi's Bridge, baba yake karani wa ghala la mahindi, nyumba yenye Kimaragoli jikoni, Kiswahili uani na Kiingereza mbele ya wageni. Alisomea isimu kule chuo cha Chepkoilel, akafundisha Kiingereza shule ya msingi miaka mingi, kisha akaacha mshahara wa uhakika akasomee tiba ya usemi. Jamaa zake walimwambia amerogwa. Mimi ni Amina, nauza magodoro na ndoo mjini Eldoret, na sikuwa nimesikia kuna kazi kama hiyo mpaka shule ilipotuita.

Binti yangu Ruwayda alikuwa gredi ya pili. Mwalimu wake, Wanjohi, si mtu mbaya; alituwekea viti na kutuuliza habari za biashara kabla ya kutupasulia.

"Mama Ruwayda, huyu mtoto wingi imemshinda kabisa. Kila siku ni two cat, three dog. Mimi naona lugha zimemwia nyingi. Huko nyumbani ongeeni English pekee, ama mwaka ujao tumrudishe gredi ya kwanza."

Hamza, mume wangu, alitoka pale na sheria mkononi: Kisomali marufuku ndani ya nyumba. Nilipinga mpaka koo likauma. Mama yake, Mama Hodan, hana hata neno moja la Kiingereza. Sasa bibi aliyemlea mjukuu kwa hadithi akawa anamkalisha mapajani na kunyamaza, wote wawili wakitazama ukuta. Niliona uchungu, na nikaona hasira zaidi. Kusema kweli hasira ndiyo iliyonifanya niulizeulize mjini mpaka nikafika kwa Kageha. Nilitaka mtu mwenye cheti amwambie Hamza kwamba amekosea, nami nikiwepo nisikie.

Hamza alikuja, amekunja mikono. Kageha hakumwangalia sana. Alikaa chini mkekani na Ruwayda, akatoa picha. Kwanza kwa Kiswahili. Kitabu kimoja, vingi? Vitabu. Chakula? Vyakula. Chombo? Vyombo. Halafu akaniomba nimuulize kwa Kisomali. Hamza alikohoa. Nikauliza kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Buug, kitabu kimoja? Buugag, vitabu, akajibu mtoto bila kusita.

Kisha Kiingereza. Kikombe kimoja, cup. Vikombe viwili? "Two cup." Mbwa? "Two dog." Hamza alinitazama kama aliyeshinda kesi.

Kageha akaleta picha ya farasi, horse, kisha ya saa za mkononi, watch, kisha ya madaraja, bridge. Hapo mambo yakawa tofauti. Farasi mmoja mtoto alimtaja kwa mkato, lakini farasi wawili akawaongezea kitu mwishoni, ki-i kidogo: horsi. Saa, vivyo hivyo. Madaraja, vivyo hivyo. Kageha aliacha kucheka. Akarudia vikombe: hakuna kitu. Akarudia farasi: ki-i kipo.

"Baba Ruwayda," akasema, "huyu mtoto hajachanganyikiwa. Wingi anaijua poa sana."

"Sasa mbona hasemi?" Hamza akauliza.

"Weka mkono hapa kooni. Sema cups. Umesikia? Mwisho ni upepo tu, ssss, koo imelala. Sasa sema dogs. Koo inanguruma kidogo, zzz, kwa sababu ile g yenyewe inanguruma. Mkia wa wingi ni ule ule mmoja, lakini unavaa nguo ya jirani yake. Ukifika kwa horse, kuna shida: neno lenyewe limeisha na s. Huwezi kubandika s juu ya s, hazishikani. So Kiingereza kinaweka ka-i katikati: horsiz. Hata sisi tuko na hiyo tabia. Vitabu, lakini vyakula. Hakuna mtu husema viakula."

Nilijaribu cups na dogs na mkono kooni, nikasikia kweli. Miaka yote hii naongea na sikujua koo langu lina siri.

"Sasa angalia," Kageha akaendelea. "Kwa mkia wa upepo, hata ule wa dogs wenye ngurumo kidogo, Ruwayda hana kitu. Kwa mkia wenye vowel, yaani irabu, anashika ile vowel. Kwa Kiswahili alama iko mbele na imejaa vowel. Kwa Kisomali chenu, hata kule mwisho kuna vowel. Kote anapata. Anapoteza tu mahali mkia hauna vowel. Mtoto mvivu hawezi kuchagua hivyo."

Akachukua fremu ya kufumia iliyowambwa kitambaa, akaficha mdomo wake, mtoto asisome midomo. Mchezo ulikuwa rahisi: ukisikia sauti, tumbukiza kifuniko cha soda ndani ya mkebe. Aaa. Kifuniko, ting. Mmm, ting. Uuu, ting. Iii, ting. Shhh: Ruwayda alisita, akatumbukiza. Kisha Kageha akatoa ssss, ndefu, nami niliyekaa mlangoni nikaisikia wazi. Mtoto wangu alishika kifuniko karibu na shavu na kungoja, macho yakimng'aa, akitamani sana kucheza vizuri. Akangoja tu.

Hamza akakunjua mikono yake. Mimi nami ushindi niliokuja kuuchukua sikuutaka tena.

Vipimo hospitalini vilikuta masikio yote mawili yanasikia sauti nzito vizuri na kupoteza zile nyembamba za juu. Daktari alisema huenda ni dawa kali alizodungwa akiwa mchanga, ingawa hakuweza kuapa. Kageha alizunguka na sisi kila mlango mpaka vifaa vya masikio vikapatikana. Alienda pia shuleni, akaongea na Wanjohi faraghani. Sijui walisemezana nini. Ninachojua ni kwamba Ruwayda alihamishiwa dawati la mbele, na habari ya gredi ya kwanza haikutajwa tena.

Nyumbani sheria ilikufa siku ile ile ya mkebe. Hamza alimwendea mama yake, akachutama mbele yake, akamwomba kwa Kisomali amsimulie mtoto lolote. Mama Hodan alimwambia kwanza amwombe msamaha yeye, maana amemfanya bubu bila kuugua. Akaombwa. Haraka haraka haina baraka, tulimtania, lakini kwa hadithi ile bibi hakungoja chai.

Kageha hakutuahidi miujiza. "Masikio yamefunguka, sasa akili ipewe time," alisema. Wiki baada ya wiki tulirudi Pioneer, na Ruwayda akawa anashangaa sauti za vitu: mafuta kikaangoni, ufagio uani.

Juzi Kageha alimwonyesha picha ya kondoo. Mmoja, sheep. Kisha wawili.

"Two sheeps!" Ruwayda akapaza sauti, ile s ikiwa ndefu na kali, imesimama sawasawa nyuma ya p.

Hata mimi muuza ndoo najua hapo amekosea, sheep haina mkia wa wingi. Nikafungua mdomo nimsahihishe. Kageha akanishika goti kwa nguvu.

"Mama Ruwayda, usimguse. Nani amewahi kumwambia sheeps? Mwalimu? Wewe? Hakuna mtu. Hiyo ameitengeneza mwenyewe, kwa ile s anayoisikia sasa."

Nilimwangalia Kageha, yule asiyejua kunong'ona, sauti yake imeshuka hadi mnong'ono na machozi yanamtoka. Mtoto akatutazama, akaona watu wazima wanalia kwa sababu ya kondoo, akarudia kwa sauti zaidi ili tusikie vizuri.