Ukurasa wa Tatu wa Bajeti ya Matangazo

Hotuba yangu kwa bodi ilikuwa na kurasa saba, na nilikuwa nimeisoma mbele ya kioo mpaka mume wangu akaanza kunimalizia sentensi. Nilikuwa naomba bajeti ya matangazo ya mwaka ujao iongezwe kwa theluthi moja. Sisi ni kampuni ndogo. Tunanunua mpunga wa Bugarama, tunaukoboa, tunaufunga kwenye mifuko yenye picha yetu ya sahani ya wali na kuuza katika wilaya nzima ya Rusizi. Matangazo ndiyo kazi yangu, na mwanzoni mwa mwaka mwenyekiti wa bodi alikuwa ameniambia wazi: kama nitashindwa kuonyesha faida ya pesa ninazotumia, nafasi yangu itaunganishwa na ile ya mkuu wa mauzo. Haikuhitaji kuelezwa zaidi. Mkuu wa mauzo alikuwa tayari ofisini, na nafasi ikiwa moja, mmoja anabaki.

Kwa hiyo nilijipanga. Ukurasa wa kwanza ulisema tulitumia nini na wapi. Wa pili ulikuwa wa Nkanka, tarafa ya kandokando ya ziwa, ambako tulipika wali sokoni siku za gulio na kupaka milango ya maduka rangi za mfuko wetu. Wenye maduka walianza kuagiza mzigo mpya kabla ya wa zamani kuisha. Wa tatu ulikuwa wa Kamembe, na huo ndio niliokuwa naupenda. Mwezi tulipoanza kutangaza redioni, mauzo ya ghala la Kamembe yalipanda kama ngazi, na hayakushuka tena. Nililinganisha na miezi ileile ya mwaka uliotangulia, ili mtu asije akaniambia ni sababu ya sikukuu. Nililinganisha na Gitambi pia, ambako hatukutangaza kabisa na mauzo yalilala palepale. Ukiniuliza, nilikuwa nimeziba kila tundu.

Chini ya ukurasa huo niliandika: «Wateja wa Kamembe wanatusikia redioni na kuuliza mchele wetu kwa jina.» Ilikuwa sentensi nzuri. Tatizo lake ni kwamba hakuna mteja aliyewahi kuniambia hivyo. Niliiandika kwanza, halafu nikaona vyema nimtafute mtu wa kuisema, kama mwanamke anayenunua sufuria kisha anaanza kutafuta cha kupika.

Asubuhi ya mkutano, saa kumi na mbili, nikaenda ghalani. Mkutano ulikuwa saa tatu. Ghala letu la Kamembe haliko sokoni, liko chini barabara ya kwenda mpakani, na mwaka huo mtunza ghala alikuwa ameanza kulifungua alfajiri. Nilijua hilo na sikulifikiria hata mara moja. Nilikuta akina mama kama ishirini wamejaa mlangoni, vitenge viunoni, mabeseni chini. Nikafurahi. Nikatoa simu ili nirekodi.

Nikamwendea mmoja, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, nikamsalimia na kumuuliza kama anaisikia ile publicité yetu, tangazo la redio.

«Redio gani?» akasema. «Miye sina redio, maman. Tunakuyaka hapa sababu hii depo inafunguka mapema. Tunachukua muchele, tunavuka mbele ya bantu kuwa bengi ku mupaka.»

«Na kule Bukavu, ng'ambo ya mpaka, wanaomba mchele wetu kwa jina?»

Akanitazama kwa huruma. «Kule tunauzisha na kipimo. Muntu anaangalia muchele, haangaliake mufuko. Mufuko tunaachaka hapa.»

Akanyoosha mkono. Nyuma ya ghala, kando ya ukuta, lilikuwapo rundo la mifuko yetu mitupu imekunjwa vizuri, picha yetu juu, rangi bado mpya. Akina mama walikuwa wanakata uzi, wanamwaga mchele kwenye mabeseni, wanagawana na kuondoka. Nikamuuliza mtunza ghala alianza lini kufungua alfajiri. Akafikiri kidogo, akataja mwezi uleule wa redio. Akina mama walimwomba, akakubali, na mauzo yakawa mazuri, akadhani ofisini tunajua.

Sisi huandika mauzo kwa ghala gunia linakotoka. Linakoliwa hatuulizi. Gunia likitoka ghala la Kamembe, kwenye karatasi zangu limeliwa Kamembe, na mtu wa Kamembe amelisikia redioni. Ngazi yangu yote ilikuwa mlango uliofunguliwa mapema.

Njia nzima ya kurudi ofisini nilikuwa najitafutia pa kutokea. Nilijiambia huenda baadhi ya mauzo ni ya redio kweli. Inawezekana, hata leo sijui ni kiasi gani, na ndiyo maana sikuwa na haki ya kudai yote. Nikafikiria kuuchomoa ukurasa. Lakini hauchomoki: hati za mkutano hutumwa kwa wajumbe wiki nzima kabla, na kila mmoja alikuwa na nakala yake nyumbani.

Bodi yetu ina watu watano. Wawili nitawataja, kwa sababu wengine watatu kwa kawaida huwafuata hao. Mwenyekiti ni mzee mfanyabiashara wa Kamembe, Mwislamu wa familia za zamani za mjini, mwenye kofia safi na upole mwingi mambo yakienda anavyotaka. Alinipenda. Mwingine ni mama mstaafu, aliyefanya kazi ya ukaguzi wa benki maisha yake yote. Huyo hakunipenda, au ndivyo nilivyoamini. Aliwahi kuniuliza mbele ya watu kama picha ya sahani kwenye mfuko huwa inashibisha.

Niliposimama tu, mzee akainua mkono.

«Maman, kaa kidogo,» akasema. «Hii dossier nimeisoma. Page ya tatu imenifurahisha sana. Nimeipeleka hata benki, juu ya ule mkopo wa mashine ya pili ya kukoboa, na bo bameipenda. Mimi naona tusipoteze wakati. Tupige kura.»

Wajumbe wawili wakatabasamu. Kalamu zikashikwa. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa, na theluthi yangu ingepita kabla chai haijapoa. Sitajifanya kwamba nilisimama imara. Nilikaa. Niliketi kabisa, nikaweka karatasi magotini, na kwa muda mfupi nilijisikia mtu aliyeokolewa. Halafu nikaona benki: mtu asiyenijua, ofisini kwake, anahesabu mashine ya pili juu ya sentensi niliyoitunga mimi.

«Mzee, samahani,» nikasema. «Page ya tatu si ya kweli.»

Nikaeleza nikiwa nimekaa. Nikawaeleza mlango wa alfajiri, mabeseni, rundo la mifuko. Nikasema sina ushahidi kwamba redio iliuza hata gunia moja Kamembe, na sina ushahidi kwamba haikuuza. Nikasema ukurasa wa pili unasimama, kwa kuwa Nkanka mchele unanunuliwa madukani na kupikwa kwenye nyumba za palepale, na wenye maduka niliwauliza mmoja mmoja. Theluthi niliyokuja kuiomba siwezi kuitetea tena. Ninachoweza kutetea ni kupika sokoni kwenye tarafa nyingine za kandokando ya ziwa, na kuandika tangu leo mahali mchele unakokwenda.

Mzee hakuwa mpole tena. «Umejua lini?»

«Leo asubuhi.»

«Leo asubuhi,» akarudia. «Na miye benki nimeenda juma liliyopita, na mudomo yangu.»

Yule mama mstaafu alikuwa anageuza kurasa zake polepole, akachora mstari mmoja kukatiza ukurasa wa tatu, kona hadi kona, kama mwalimu. Niliusikia ule mkwaruzo wa kalamu. Halafu wakaniomba nitoke, kama ilivyo kawaida, ili wajadiliane.

Ukumbini kulikuwa na viti viwili vya plastiki na dirisha. Sikukaa. Nilihesabu ada za shule za watoto kichwani, nikajaribu kukumbuka nani Kamembe anatafuta mtu wa matangazo, sikumpata hata mmoja. Mkuu wa mauzo alipita na faili, akaniuliza mkutano unaendaje. Nikasema vizuri. Nilimchukia bure, maskini, hakuwa amenifanyia lolote. Kupitia mlango nilisikia sauti ya mzee ikipanda, kisha ya yule mama ikijibu chini, bila kupanda hata kidogo, muda mrefu.

Waliponiita, yule mama ndiye aliyesoma uamuzi. Nyongeza imekataliwa. Matangazo ya redio yasimamishwe mwisho wa mwezi. Pesa za redio ziende kwenye mapishi ya sokoni katika tarafa mbili za ziwa, na nirudi baada ya miezi mitatu na majina ya maduka niliyoyauliza. Kuhusu nafasi yangu hakusoma kitu. Nilimtazama, nikidhani amesahau, na yeye akaitia miwani yake kwenye kifuko chake.

«Mzee ana maneno ya mwisho,» akasema.

Mwenyekiti alisubiri wengine watoke. Kisha akasukuma karatasi nyeupe kuja kwangu, akaniamuru niandike barua ya kwenda benki, kwa mkono wangu, kwamba takwimu za ukurasa wa tatu zimeondolewa na sababu yake ni ipi. Niliandika. Niliharibu karatasi mbili, kwa kuwa kila nilipofika kwenye neno «kosa» nilitaka kuweka jina la mtu mwingine: mtunza ghala, redio, mpaka. Ya tatu niliandika «kosa langu». Mzee akaisoma yote, akaitisha muhuri, akatia sahihi chini ya maneno yangu, jina lake likiwa kubwa kuliko langu. Nikajua mkopo ule huenda umeondoka, na mashine aliyoisubiri miaka mingi imeondoka nao, na kwamba yeye angeweza kuichana ile barua na hakuna mtu angejua.

Hakuniangalia. Aliivaa kofia yake sawasawa, akasimama.

«Kesho saa mbili uwe ku bureau, ku kazi yako,» akasema. «Lakini leo usinisalimie.»

Nikatoka bila kumsalimia, nikashuka ngazi, na nilipofika nje nikalia mbele ya walinzi wawili wa mlangoni.