Asilimia Moja ya Ile Tovuti

Hadi leo nikiikumbuka ile tovuti nasaga meno. Lakini nikimkumbuka jirani yangu wa Kaloleni, mama mmoja aliyestaafu ukarani wa chama cha ushirika, ambaye sote tulimwita Mathe, hasira inapungua na shukrani inabaki.

Mtoto wangu alikuwa bado ananyonya. Shule ya chekechea ya karibu ilikuwa imeniagiza sweta thelathini, nami nilikuwa na mashine ya kufuma ya mkono na uzi wa kufumia kofia mbili tu. Uzi ulitaka elfu tisa. Mwenye shule alisema kama Ijumaa sitakuwa nimeanza, anampa mwingine. Ilikuwa Jumatatu.

Nikapata tovuti: mkopo papo hapo, riba asilimia moja. Chini kukaandikwa "tumesajiliwa", na namba ndefu. Nikapakua apu yao papo hapo kwenye tovuti, kwa sababu kwenye stoo ya apu ya simu haikuwepo. Hapo tu ningepaswa kushtuka, lakini nani ana wakati wa kushtuka na mtoto kwenye titi?

Simu ikauliza: niruhusu apu isome majina na namba zote? Kidole kilikuwa njiani. Mathe, aliyekuwa akichambua maharagwe upande wa pili wa baraza, akaniuliza nafanya nini hata natabasamu na simu. Nikamwonyesha.

"Si wewe ndiye katibu wa chama chetu cha akina mama?" akasema. "Namba za wanachama wote ziko humo. Ukichelewa siku moja, hawa watampigia hadi mama mkwe wako."

"Mathe, wewe utanipa hiyo elfu tisa?"

"Mimi sina. Nina macho tu. Leta."

Nilikasirika, sitaficha. Kwanza akaniuliza maswali ya mtoto wa darasa la nne: unaomba ngapi, unapokea ngapi mkononi, unarudisha ngapi, baada ya siku ngapi? Sikujua hata moja isipokuwa la kwanza. Tukatafuta ukurasa wa masharti, uliofichwa chini kwa herufi ndogo kama mchwa. Ukiomba elfu tisa, wanakata elfu moja na mia nane kwanza, "ada ya huduma". Unapokea elfu saba na mia mbili. Baada ya siku saba unarudisha elfu tisa na tisini.

"Hiyo tisini ndiyo asilimia moja yako," akasema. "Hiyo ingine ya ada ndiyo wanayokula. Zaidi ya robo ya ulichoshika, kwa wiki moja. Hata mwizi wa soko la Gikomba ana huruma."

Nikajitetea kwamba wamesajiliwa. Akacheka. "Kibanda cha mkaa kimesajiliwa jina. Leseni ya kukopesha ni kitu kingine." Akanifungulia orodha ya wakopeshaji wa mtandaoni waliopewa leseni, ile inayowekwa na benki kuu kwenye tovuti yake. Nikatafuta jina la apu, hakuna. Papo hapo nikageuka, nikaanza kushangilia kwamba nimewashika waongo. Akanizuia: orodha ina majina ya kampuni, na apu inaweza kuitwa vingine, usimhukumu mtu kabla hujaangalia. Tukatafuta jina la kampuni lililokuwa chini ya masharti. Nalo halikuwepo.

Mwisho tukaandika jina lao pamoja na neno malalamiko. Maoni yote ya kusifu yalikuwa sentensi moja, "apu nzuri sana", kama yameandikwa na mtu mmoja kwa haraka. Yale ya hasira yalikuwa na maelezo: mwalimu mkuu alipigiwa, bosi alitumiwa ujumbe, dada wa kanisa akaambiwa ni mdhamini. Nikafuta apu huku nikiitukana kwa sauti. Mtoto akaamka.

Jumatano tukapata mkopeshaji mwingine aliyekuwa kwenye orodha. Kabla sijakubali, simu ilionyesha yote: unapokea elfu sita kamili, unarudisha elfu sita na mia tano na arobaini kwa siku thelathini. Hakuomba namba za mtu. Malalamiko alikuwa nayo pia, ya simu kutopokewa, lakini kampuni ilikuwa imejibu watu kwa adabu. Mathe alikuwa amenikataza kuchukua elfu tisa. "Chukua ya sweta ishirini. Ukilipwa, nunua uzi wa hizo kumi."

Alhamisi nikaanza kufuma. Mwenye shule alinilipa zile ishirini kwanza, nami nikalipa mkopo kabla siku hazijaisha.

Nikampelekea Mathe kilo mbili za sukari. Hakuigusa.

"Umemaliza kulipa? Nionyeshe ujumbe."

Akausoma wote, polepole, hadi nukta ya mwisho. Kisha akapokea sukari, akaniambia, "Sasa weka maji ya chai."