Sentensi Nne Zilizoachwa Wazi

Ashukuriwe Mungu aliyempa mwanadamu ulimi na kumvumilia anapoutumia vibaya. Amenivumilia mimi miaka mingi, darasani na kanisani, na hili ninaloliandika ni moja ya mara alizonivumilia.

Nilifundisha shule za msingi hapa Karatu mpaka nikastaafu. Baada ya hapo usharika wetu uliniomba niwafundishe Kiswahili watu wazima waliotaka kujiunga na kozi ya uinjilisti. Wengi walikuwa wakulima wa hukuhuku kwetu, Wairaqw kama mimi. Wawili walikuwa wafugaji wa Kimaasai waliotoka mbali: mzee mmoja wa Soitsambu, na mama mmoja wa Piyaya ambaye alikuwa akilala kwa binamu yake mjini ili asome.

Habari hii ni ya huyo mama. Kijijini kwao ibada ilifanyika kila Jumapili, lakini hapakuwa na mtu wa kuwasomea Neno. Walingoja mgeni apite. Yeye alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima. Shemeji yake, aliyekuwa msemaji wa boma, alimruhusu aje kufanya mtihani wa kujiunga, ila alimwambia waziwazi: mara moja tu. Akishindwa, arudi kwenye ndama, na neno la shule lisitajwe tena. Aliniambia hayo siku ya kwanza, akiwa amesimama mlangoni na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki.

Mtihani ule ulikuwa na sehemu ya kukamilisha sentensi, nayo ndiyo iliyowatoa watu jasho. Nilikuwa nawaandikia ubaoni nusu ya sentensi: "Nilipofika nyumbani," kisha nukta, wao wamalizie. Niliwaeleza kwamba ile "po" inatuambia ni wakati gani jambo linatokea. Ikitanguliwa na "li", jambo limekwisha kupita: nilipofika. Ikitanguliwa na "na", ni jambo la sasa au la kila siku: ninapofika. Na kama jambo bado linakuja, haitoshi kusema "ta" peke yake. Ni "taka": nitakapofika, atakapofika. Kisha nusu ya pili ya sentensi lazima ikubaliane na ya kwanza. Huwezi kusema, "Nilipofika nyumbani, nitakula." Umekwisha kufika, chakula bado kiko wapi?

Mzee wa Soitsambu alikuwa na utani wake. Siku hiyo aliinua fimbo badala ya mkono.

"Mwalimu, hii po ni kupe."

"Kupe kwa vipi, mzee wangu?"

"Haikai puani, haikai mkiani. Imeng'ang'ania katikati, pale ambapo ng'ombe hawezi kujilamba."

Darasa lilicheka. Nikamwambia amesema kweli, tena nikaandika "nilipomwona" wapate kuona kwamba hata huyo "m" wa mtu anayeonwa akiingia, anakaa nyuma ya po, po haimpishi.

"Basi ni kupe mkubwa," akasema mama wa Piyaya. "Mwenzake anakuja kunyonya, yeye hasogei."

Tangu siku hiyo wote waliita somo lile somo la kupe.

Mtihani niliutunga mimi mwenyewe. Sentensi ishirini, na mwenye kupata kumi na mbili amepita. Nilitaka uwe mtihani wa watu watakaohubiri, kwa hiyo nilichanganya mambo ya shamba na mambo ya roho. Niliandika, "Mvua ilipokatika," na "Wageni wanapokuja." Niliandika pia, "Babu alipofariki," na "Mtoto wa jirani alipozikwa," na "Baba atakapofariki," na "Nitakapokufa." Hiyo ya mwisho niliipenda sana. Nilijiona nimetunga sentensi ambayo Mkristo yeyote angeikamilisha kwa furaha.

Nilianza kusahihisha siku ya pili yake, alasiri, nimekaa barazani, mke wangu akichambua maharage karibu nami. Wakulima wetu walikuwa wamejaza zote. "Nitakapokufa, nitakwenda mbinguni," waliandika karibu wote, nami nikaweka vema kwa kalamu nyekundu. Ndipo nikafika kwenye karatasi ya mama wa Piyaya. Sentensi kumi na sita alikuwa amezijaza, na kumi na moja kati ya hizo zilikuwa sahihi. Nne hazikuwa na hata herufi. Nikachukua karatasi ya mzee wa Soitsambu: nne tupu, na ni zilezile.

Walikuwa wameketi benchi moja.

Mtu akishindwa sentensi, anaishindwa kwa namna yake. Wawili kuacha sentensi nne zilezile, niliona hakuna maelezo mengine ila mmoja alitazama kwa mwenzake. Na anayenakili hafukuzwi mtihani huo tu. Jina lake halipokelewi tena. Nilikuwa nimekwisha kuandika juu ya karatasi ya yule mama, kwa penseli, "Muulize Mchungaji," wakati mke wangu aliponiona nikihema.

"Kuna nini, Mwalimu?" Huniita hivyo anapoona nimejikweza.

Nikamwonyesha. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasoma zile karatasi mbili polepole, moja juu ya goti hili na nyingine juu ya lile.

"Wewe uliwaandikia mtihani au mazishi?"

"Mama, soma vizuri."

"Nasoma. Babu amefariki, mtoto amezikwa, baba atafariki, na mimi nitakufa. Hizo ndizo walizoacha. Hawajaacha hata moja ya mvua."

Kweli sikuwa nimeona hilo. Nilizihesabu nafasi tupu bila kusoma kilichozitangulia.

"Lakini kifo ni kifo," nikasema. "Mkristo anaogopa nini kukitaja?"

Akachukua kalamu yangu nyekundu, akageuza karatasi chakavu, akaandika kwa herufi zake kubwa: "Mke wangu atakapofariki," akaweka nukta, akanipa kalamu.

"Jaza."

Nilishika kalamu. Nimezika watu wengi katika usharika huu, nimesimama makaburini nikasoma habari za ufufuo sauti isitetemeke. Wakati ujao naujua, "taka" naijua, ninajua kabisa kwamba nusu ya pili ilipaswa kuanza na "nita". Nilikaa na kalamu ile mpaka kuku wakaingia kwenye maharage, na sikuandika neno.

"Umenakili kwa nani?" akaniuliza, akaenda kufukuza kuku.

Asubuhi yake nilikwenda kwa binamu wa yule mama. Mama mwenyewe nilimkuta uani anafua.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaa changu kidogo.

"Iko," akaitika, kisha akaona karatasi mkononi mwangu. "Nimeanguka?"

"Bado. Nataka kukuuliza jambo moja tu, binti yangu. Hizi nne, kwa nini hukuzigusa? Hukuelewa?"

Alizitazama bila kuzisoma kwa sauti. "Nimeelewa, Mwalimu. Si ngumu."

"Sasa?"

"Hii ya tisa. Baba huyo ni nani?"

"Ni baba yeyote. Ni mfano."

"Mimi nina baba mmoja. Yuko Piyaya, anachunga. Nikae hapa Karatu niandike siku yake ikifika itakuwa hivi na hivi? Akisikia, atasema nilikuja huku kumwita kaburini." Akakamua nguo. "Na babu yangu ametuacha. Kwetu tulivyolelewa, aliyetuacha hatumsemi hivyo, kama mbuzi. Tunanyamaza. Nilidhani Mwalimu anatupima kama tuna adabu."

"Na yule mzee? Mlizungumza?"

"Nimtazame mzee karatasi yake?" Alishtuka kweli. "Ni umri wa baba yangu. Nilikaa nimempa mgongo nusu."

Nikakumbuka. Alikuwa amekaa upande upande tangu mwanzo hadi mwisho, nami nilidhani benchi linamsumbua.

Nilimwomba radhi. Aliona aibu kwa ajili yangu, akanikaribisha chai.

Mchungaji wetu ni mdogo kwangu sana lakini ana utulivu. Nilimweleza yote bila kujificha, hata yale ya penseli. Nilitaka tuwape alama hizo nne moja kwa moja. Akakataa.

"Hapana, Mzee. Tukiwapa bure, watasemwa maisha yao yote. Wape sentensi nyingine nne, po zilezile, wajaze mbele yangu. Wakiweza, wameweza."

Alisema kweli, lakini niliogopa. Mama yule alikuwa na kumi na moja. Sasa ilimbidi apate walau moja, akitazamwa na mchungaji, na shemeji yake akingoja habari.

Tukawaita alasiri ileile ofisini kwa mchungaji. Mzee wa Soitsambu alimaliza upesi, zote nne sahihi, akatoka nje akajiegemeza kwenye fimbo yake. Yeye alikuwa na tisa, kwa hiyo akawa na kumi na tatu. Mama alikuwa bado ameinama. Aliandika, akafuta kwa kidole, akaandika tena. Mimi nilitazama dirishani, kwenye mawingu yaliyokuwa yakishuka kutoka mlimani upande wa Kreta, nikaomba kimyakimya kama ninavyoomba kwa ajili ya wanangu.

Mchungaji alisoma kwa sauti.

"Ng'ombe waliporudi jioni, tuliwakamua." Vema.

"Mgeni atakapofika, tutampa maziwa kabla ya kumwuliza habari." Vema.

"Nilipoamka, niliwasha moto." Vema.

Ya nne ilikuwa na mwanzo uliohitaji kuandikwa upya: nilimpa "Mvua inaponyesha," aigeuze iwe ya kesho na kuimalizia. Alikuwa ameandika, "Mvua itaponyesha, tutahama."

"Kupe amekosa mguu mmoja," akasema mchungaji, aliyekuwa ameyasikia maneno ya darasani. "Taka. Itakaponyesha."

"Nyumbani wote tunasema itaponyesha," akajitetea mama.

"Na mimi pia nasema hivyo nikiwa na njaa," mchungaji akasema. "Kwenye karatasi, taka. Hiyo moja umekosa. Una kumi na nne. Umepita."

Hakupiga kelele. Alifunika uso kwa shuka lake jekundu akakaa hivyo kitambo, na mchungaji akajifanya anatafuta muhuri. Mimi nilichukua karatasi yake ya kwanza, nikafuta ile penseli mpaka karatasi ikawa nyembamba pale.

Alipofunua uso aliomba simu ya mchungaji. Alizungumza Kimaa na shemeji yake, maneno machache. Kisha akanigeukia akasema kwa Kiswahili, taratibu, akiweka kila kipande mahali pake:

"Nitakapofika nyumbani, nitawasomea."

Zile sentensi nne sikuzitumia tena katika mtihani wowote. Karatasi chakavu ya mke wangu iko ndani ya Biblia yangu, nukta zake bado tupu, na yeye hajaniuliza tena.

Ewe uliyeisoma habari hii hadi hapa, Bwana akulinde unapotoka na unapoingia. Na yale ambayo bado hujaweza kuyamalizia, Yeye mwenye nyakati zote ayamalizie kwa wema. Amina.