Sigara ya Kufungua Macho

Kwa miaka kumi na minne nilisoma damu za watu kwa msaada wa sigara, na nilijiona mtaalamu kweli. Nyuma ya maabara ya kituo chetu cha afya, huku Iramba, kuna jiwe ambalo suruali zangu zililing'arisha. Nikiona akili inatangatanga, natoka, navuta, narudi: kichwa chepesi, macho makali, mkono umetulia. Walevi niliwadharau sana. Mimi niliimba kwaya, bwana, pombe sikuigusa.

Jumatatu moja tulipata wageni kutoka wilayani. Watu hawa wana kipaji cha kueleza kwa saa tatu jambo la dakika kumi. Nilikaa pale natikisa mguu, naichukia hata kalamu yangu. Mkutano ulipokwisha, mama mmoja kutoka Ulemo alikuwa ananisubiri na mwanawe wa miaka minne, anawaka homa. Vipimo vya haraka vya malaria vilikuwa vimekwisha, ikabidi damu ya mtoto isomwe kwa hadubini, yaani na mimi. Nikaisoma kwa haraka. Sikuona mdudu. Nikaandika hivyo hivyo, nikakimbilia jiwe langu.

Muuguzi mkuu, mama wa makamo asiyependa kelele, alinifuata huko na fomu mkononi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Mtoto huyu simwelewi. Rudia."

Nikavuta mpaka kichungi, nikarudi kwenye hadubini. Wadudu wa malaria walikuwepo, tena wengi, wametulia wananitazama. Mtu mwenye haya angenyamaza. Mimi nikatangaza mbele ya mama wa mtoto: "Mmeona? Sigara ndiyo inayofungua macho! Ningevuta mapema, wasingenikwepa."

Mtoto akapewa dawa. Sista akangoja mama yake aondoke.

"Mwenzako wa maabara havuti," akasema. "Yeye anafunguliwa macho na nani?"

"Yule ana kipaji, Sista."

"Hana. Wewe ukikaa saa chache bila nikotini, mwili unaidai, akili inatawanyika. Ukivuta, dai linatulia, unarudi pale mwenzako alipo tangu asubuhi. Halafu unasema umenolewa. Hujanolewa. Unazimua."

Neno hilo lilinichoma. Kwetu anayezimua ni yule mlevi anayeamka anatetemeka kwa pombe ya jana, akanywa kikombe kingine asubuhi, kisha akasema pombe ndiyo dawa. Mimi, mwimba kwaya, nazimua? Nikamwambia athibitishe.

Akathibitisha, kwa furaha nisiyoisahau. Alitoa slaidi za zamani, vile vioo vya damu, zenye majibu yanayojulikana, akayaficha majibu, akatupa mimi na mwenzangu tuzisome. Asubuhi kabla sijavuta, nilikosea hata zile ambazo mwanafunzi angezipata. Akanipa nyingine baada ya sigara, nikang'ara. Nikaanza kujipongeza, mpaka aliposoma matokeo ya mwenzangu. Tulikuwa sawasawa. Yeye alikuwa amekunywa uji tu.

Nikaacha kwa hasira, maana kwa hekima ningeacha zamani. Sista alinionya kwamba siku za mwanzo zingekuwa mbaya kuliko zote, na kweli zilikuwa. Niligombana na mlango. Mwenzangu alirudia kila slaidi niliyoisoma, bila kunisema, jambo lililoniudhi zaidi. Kufika wiki ya tano, Sista akaleta tena slaidi zake. Nilizisoma asubuhi, bila sigara, na nikazipata zote. Badala ya kufurahi niliona uchungu. Miaka kumi na minne nilikuwa natoka nje kwenda kutafuta akili ambayo ningekaa tu kwenye kiti ningekuwa nayo, na nilikuwa naishukuru sigara kwa kunirudishia kile ilichokichukua yenyewe. Nikawafikiria wote niliowasoma nikiwa nasubiri kwenda kwenye jiwe, ambao Sista hakuniletea fomu zao.

Mvua zilipoanza, yule mama wa Ulemo alirudi. Mtoto alikuwa na homa tena, amelala mgongoni kwake. Tulisalimiana, nikachukua damu, nikaketi kwenye hadubini. Mama hakuondoka dirishani. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa sigara moja aliyoifunga vizuri kwenye karatasi ya daftari, akanisogezea kwa mikono miwili, kwa heshima.

"Dokta, nimekuletea. Siku ile nilisikia. Vuta kwanza, ndiyo umsomee."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nimeacha, mama. Siku hizi naona vizuri bila sigara."

Akanitazama, akamgeukia mwanawe, akanitazama tena. Nilitambua uso ule: ni wa mtu anayeogopa lakini hataki kumkosea heshima mtaalamu.

"Sawa, Dokta," akasema taratibu. "Sasa humu ndani hakuna mwingine anayevuta?"