Magauni ya Mama Soipan

Yurub ana butiki Kitengela, na hasira zake zinajulikana mpaka stendi. Miezi hii zote zilimwendea Mama Soipan, mwanakwaya mnene aliyekuwa akinunua kwake magauni ya saizi ishirini na nne. Yurub alimwagizia sita, mama mwenyewe akapotea. Simu hashiki.

Magauni yakashika vumbi mabegani. Akayapunguza bei, hakuna aliyeuliza. Akaunganisha kila gauni na mtandio kwa bei moja, watu wakataka mtandio peke yake.

"Huyu mama ameniachia mzigo, sasa mimi nifanye nini?" akafoka.

Mwishowe aliyabeba hadi Eastleigh kwa Awale, anayemuuzia kwa jumla. Awale alikagua lebo, akaona hazijakatwa. Pesa hakurudisha. Alimbadilishia kwa magauni ya saizi kumi, ambayo hutoka haraka.

Jana, Yurub akiyatundika, mwanamke mwembamba aliingia akijishikilia mlangoni. Yurub akamkaribisha kama mgeni.

"Yurub, umenisahau?"

Sauti ilikuwa ile ya kwaya. Mwili ndio haukuwepo. Yurub akabaki na hanga mkononi.

"Magauni yangu bado yako?"

"Niliyarudisha."

"Ulifanya vizuri." Mama Soipan akachukua moja la yale mapya, akajipimia kifuani, akatabasamu kidogo. "Hili litanitosha. Niwekee. Nitamwambia binti yangu ndilo wanivalishe siku ya kunizika."