Ukurasa Mmoja Tu

Dirisha la mapokezi la zahanati ile ya Chanika lilikuwa na tundu dogo kwenye kioo, limetobolewa chini kiasi kwamba hata mfupi kama mimi nililazimika kuinama. Unainama, unataja shida yako, mhudumu ndani hasikii kwa sababu ya feni, unarudia. Naye ili ahakikishe anarudia kwa sauti kubwa zaidi yako, na benchi zima linageuka. Nimewahi kumwona baba mzima akisema kichwa kinamuuma, kumbe amekuja kwa jambo jingine kabisa. Akaondoka na dawa za maumivu.

Mwenye zahanati ni muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima tunamwita Sista. Mimi nina kibanda cha kutengeneza kompyuta ng'ambo ya barabara, na siku moja aliniita akanionyesha dirisha lile kana kwamba sijawahi kuliona. Alitaka skrini ya kugusa pale mlangoni. Mgonjwa aguse anachohitaji, apewe kikaratasi chenye namba peke yake, na huduma aliyochagua ionekane kwenye kompyuta ya mhudumu ndani. Mhudumu, dada mchangamfu ambaye hakuona ubaya wa dirisha lake, alimkumbusha Sista kwamba mficha uchi hazai.

Sista akamjibu taratibu, "Uchi unamwonyesha mkunga, mwanangu. Humwonyeshi foleni."

Nikaikubali kazi hapo hapo.

Nilipata skrini iliyotumika Kariakoo, printa ndogo ya vikaratasi na kompyuta ndogo ya kukaa nyuma yake. Nilitengeneza mtumiaji asiye na mamlaka yoyote, mashine ikiwaka inaingia yenyewe bila nywila, na jambo la kwanza na la mwisho inalolifanya ni kufungua kivinjari skrini nzima kwenye ukurasa wetu. Hakuna sehemu ya kuandika anwani, hakuna alama ya kufunga. Ukurasa wenyewe niliuweka humo humo ndani ya kompyuta, kwa sababu intaneti ya Chanika ina hiari yake. Nikazima tabia ya skrini kulala. Kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta nikaagiza umeme ukirudi iwake bila kusubiri mtu abonyeze kitufe. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea sanduku la bati, matundu yote ya kuchomekea yakabaki ndani, nje ukatoka waya wa umeme na ule wa mtandao tu. Mlango wangu mwenyewe wa kuingilia kuirekebisha mashine niliuacha kwa ndani, kupitia mtandao wa zahanati, kwa ufunguo uliomo kwenye laptopu yangu.

Nilijiona fundi kwelikweli. Umeme ulikatika siku ya kwanza asubuhi, ukarudi, mashine ikajiwasha na kusimama penye "Karibu, gusa hapa." Sista akanipigia makofi.

Mchana akaja mwanamke mmoja wa mtaa wa nyuma, anayeuza maandazi. Aligusa huduma yake, ukurasa wa pili ukamuuliza kama ndiyo aliyoitaka, akakubali, akachukua kikaratasi, akakaa. Ukurasa ukarudi mwanzo kama nilivyoupanga. Nyuma yake alikuwepo kijana wa bodaboda, mtu mzima mwenye haraka zake, na kabla ya kusoma chochote akapitisha kidole gumba kwenye kioo kutoka kushoto kwenda kulia, vile tunavyopitisha wote kwenye simu zetu. Ukurasa ukarudi nyuma. Akapitisha tena. Ikatokea kwa herufi kubwa, zile nilizozikuza mwenyewe ili wazee waone: "Umechagua: Uzazi wa mpango."

Nilikuwa nimefunga kila kitufe na kusahau kwamba kivinjari kinarudi nyuma kwa kidole.

Kwenye benchi alikaa mama mkwe wa yule mwanamke, amekuja kupima presha. Watu wote walijua nani alitangulia. Mhudumu alitoka mbio akaifunika skrini kwa kitenge chake, lakini maji yalishamwagika. Mwanamke aliinuka bila kumtazama mtu, akaweka kikaratasi mezani kwa Sista, akatoka. Hakupata huduma aliyoifuata. Nilisikia aibu ya mwili mzima, na hasira, na hasira yenyewe haikuwa kwa kijana wa bodaboda.

Sista hakunifokea. Aliniambia tu kwamba ataenda kwa yule binti mwenyewe, ila hatamwomba arudi kwenye mashine asiyoweza kuiapia. Kama siwezi kuifunga, niing'oe, dirisha lipo.

Nikajifunga kibwebwe. Kitu cha kwanza nilizima kule kurudi kwa kidole kwenye amri inayofungua kivinjari, na kule kukuza kwa vidole viwili. Kisha nikaona kuzima peke yake hakutoshi: kama historia ipo, kuna atakayeifikia. Nikaandika upya ukurasa ili usipange hatua moja juu ya nyingine. Uwe ukurasa mmoja tu unaobadilisha maandishi, na ukimaliza ufute kila kitu. Mtu akiuacha katikati, baada ya muda mfupi ujifute wenyewe. Kivinjari nikakifungua kwa hali ya faragha, isiyoweka kumbukumbu. Nikachomoa waya ukutani makusudi, mashine ikiwa inatumika, nikachomeka tena, kuona kama kitaniuliza nirejeshe kurasa zilizokuwa wazi. Hakikuuliza.

Kisha nikamwita yule yule mhudumu wa mficha uchi hazai, nikamwambia aiharibu. Alipiga, alivuta pembeni, alifuta kwa kitambaa chenye maji. Mwishowe akabandika kidole juu ya neno moja akakiacha hapo, kama mtu anayetaka kunakili ujumbe. Ikafunguka orodha ndogo.

"Sie ndo tunavyofanyaga kwenye simu," akasema.

Nikaifunga na hiyo. Akabandika tena, akabandika, hadi akachoka mwenyewe.

Sista alienda kwa muuza maandazi. Sijui walichoongea na sikuuliza. Najua tu kwamba siku iliyofuata nilikuwa benchini nikijifanya mgonjwa, alipoingia akiwa amejitanda khanga. Alisimama mbele ya skrini. Aligusa, akakubali, kikaratasi kikatoka. Hakuondoka. Aliweka kidole gumba kwenye kioo akakivuta kutoka kushoto kwenda kulia. Akavuta tena, kwa nguvu. Akavuta kutoka juu. Akabandika kidole akakiacha, watu nyuma yake wakaanza kuguna, naye hakuwajali. Kioo kilimjibu jambo lile lile moja: Karibu, gusa hapa.

Akaja kukaa karibu yangu. Mama mmoja aliyekuwa upande wake wa pili, katika ule wema wetu wa benchini, akamsogelea akamuuliza, "Pole, shoga. Umekuja na shida gani?"

Yule mwanamke akakunjua kikaratasi chake, akamwonyesha.

"Mie nina namba kumi na saba," akasema.